Lenzi Pacha: Jinsi Vioo Viwili Vinavyosahihisha Makosa ya Kimoja

Mtu akitwaa kioo cha kukuzia maandishi, akakishika usiku mbele ya karatasi nyeupe ili sura ya taa ya mbali ianguke juu ya karatasi hiyo, ataona jambo la ajabu. Akiisogeza karatasi karibu kidogo na kioo, sura ya taa itazungukwa na ukingo mwekundu. Akiisogeza mbali kidogo, ukingo utageuka kuwa wa buluu. Tena, hata akijitahidi namna gani, hatapata mahali ambapo sura hiyo ni safi kabisa. Kioo hakikuharibika. Makosa hayo mawili, la rangi na la ukungu, yamo katika kila lenzi ya kioo kimoja yenye uso wa mviringo kama tufe.

Kosa la umbo

Lenzi iliyo nene katikati huipinda miale ya nuru ili ikutane mahali pamoja, panapoitwa fokasi. Umbali kutoka lenzi hadi hapo ndio urefu wa fokasi. Mafundi husugua lenzi ziwe na uso wa tufe kwa sababu umbo hilo ndilo rahisi kulipata: vitu viwili vikisuguana kila upande bila mpango maalumu, nyuso zao huelekea kuwa za tufe zenyewe.

Lakini uso wa tufe haukusanyi nuru sawasawa. Mwale unaopita karibu na katikati huugonga uso wa kioo kwa kuinama kidogo tu. Mwale unaopita ukingoni huugonga kwa kuinama sana, na hapo hupindwa kupita kiasi kinachotakiwa. Kwa hiyo miale ya ukingoni hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko miale ya katikati, na sura huwa na ukungu.

Tuseme lenzi moja ina upande mmoja bapa na wa pili umebinuka, upana wake ni milimita 80, na urefu wa fokasi ni milimita 1,000. Upande uliobinuka ukielekezwa kwenye nyota, miale ya ukingoni hukosa fokasi ya miale ya katikati kwa milimita 2 hivi. Lenzi hiyo hiyo ikigeuzwa, upande bapa ukaelekea nyota, kosa huzidi milimita 7. Sababu ni kwamba katika hali ya kwanza kazi ya kuipinda nuru hugawanywa kati ya nyuso mbili, na katika hali ya pili uso mmoja huifanya kazi yote. Jambo hili la kugawanya kazi lifaa kukumbukwa, kwani litarudi mbele.

Kosa la rangi

Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kioo hakizipindi rangi hizo kwa kiasi kimoja. Buluu hupindwa zaidi, nyekundu hupindwa kidogo. Katika lenzi ile ya milimita 1,000, ikiwa imetengenezwa kwa kioo cha kawaida kiitwacho krauni, nuru ya buluu hukutana kwenye milimita 989 hivi, na nyekundu kwenye milimita 1,005. Tofauti ni karibu milimita 16, nayo ni kubwa kuliko kosa la umbo. Karatasi ikiwekwa katikati ya fokasi hizo mbili, kila nukta ya buluu au nyekundu huwa doa lenye upana wa zaidi ya nusu milimita, hali sura nzima ya mwezi katika lenzi hiyo ina upana wa milimita 9 tu.

Ndiyo sababu ukingo wa taa hubadilika rangi. Karibu na lenzi, miale myekundu bado imetawanyika. Mbele ya fokasi, ni ile ya buluu iliyokwisha kupishana na kutawanyika tena.

Katika karne ya 17 wataalamu wa nyota walipunguza taabu hii kwa kutumia lenzi zenye fokasi ndefu mno. Hevelius wa mji wa Danzig alijenga darubini yenye urefu wa futi 150, ikining'inia kwa kamba katika mlingoti. Isaac Newton alidhani kwamba kila kioo kinachopinda nuru hutawanya rangi kwa kadiri ile ile, na kwa hiyo dawa haipo. Aliacha lenzi, na mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kujitazamia. Neno la mtu mkubwa kama huyo liliwazuia wengi kujaribu kwa miaka mingi.

Dawa ya vioo viwili

Newton alikosea. Mwanasheria Mwingereza, Chester Moor Hall, aligundua kwamba kioo cha flinti, ambacho zamani hizo kilitiwa risasi, hutawanya rangi kwa wingi kuliko krauni. Kufikia mwaka 1733 alikuwa na lenzi ya aina mpya, lakini hakuitangaza. Mwaka 1758 fundi John Dollond wa London aliandikishiwa haki ya kuitengeneza, na tangu hapo ikaenea.

Hesabu yake si ngumu. Krauni ikipinda nuru mafungu 64, hutawanya rangi fungu 1. Flinti hutawanya fungu hilo hilo 1 kwa kupinda mafungu 36 tu. Basi fundi hutwaa lenzi ya krauni iliyo nene katikati, inayokusanya nuru kwa mafungu 64, akaiambatanisha na lenzi ya flinti iliyo nyembamba katikati, inayotawanya nuru kwa mafungu 36. Rangi zilizotengwa na ya kwanza hurudishwa pamoja na ya pili, fungu 1 kwa fungu 1. Lakini katika kupinda nuru hubaki 64 kutoa 36, yaani mafungu 28, nayo yatosha kuleta sura.

Kwa kupata fokasi ya milimita 1,000, krauni peke yake iwe na fokasi ya milimita 440 hivi, na flinti milimita 780 hivi kwa upande wa kutawanya. Krauni lazima iwe na nguvu zaidi ya mara mbili ya pacha nzima, kwa kuwa mwenzake humpunguzia kazi.

Hesabu hiyo huamua nguvu za lenzi, wala haiamui jinsi kila uso utakavyobinuka. Hapo fundi hupata nafasi ya kuondoa kosa la umbo. Lenzi ya flinti huitupa miale ya ukingoni nje kupita kiasi, kinyume cha krauni. Nyuso zikichaguliwa vema, makosa mawili hukaribia kufutana.

Yanayobaki

Pacha hukutanisha rangi mbili tu, nyekundu na buluu. Katika mfano wetu, rangi ya kijani hubaki nje kwa karibu nusu milimita, na urujuani huzidi hapo. Ndiyo maana nyota kali huonekana na utando mwembamba wa urujuani hata katika darubini nzuri.

Mwenye kutaka kujua kama lenzi yake ni pacha aitazame taa iliyoakisiwa juu yake. Lenzi moja huonyesha taa mbili, kwa kuwa ina nyuso mbili. Pacha iliyogandishwa kwa gundi huonyesha tatu, moja ikiwa hafifu sana. Na anayeifungua kuisafisha aweke alama ubavuni kabla ya kuitoa: ikirudishwa kinyume, rangi hazitaonekana tena kuliko kwanza, bali ukungu wa kosa la umbo utarejea.