Kazi ya Muda kwa Mwanafunzi wa Chuo: Hesabu ya Nauli na Saa

Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Egerton liko Njoro, takriban kilomita 25 kutoka mjini Nakuru. Kwa mwanafunzi anayetafuta kazi ya muda mjini, umbali huo ni sehemu ya mshahara wake.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepewa zamu za jioni kwenye duka la mjini, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, siku nne kwa wiki. Analipwa sh. 100 kwa saa, yaani sh. 400 kila zamu. Nauli ya kwenda ni sh. 100. Usiku matatu hupungua na nauli hupanda, kwa hivyo kurudi ni sh. 150. Anabaki na sh. 150. Akihesabu saa moja ya kwenda na saa moja na nusu ya kusubiri gari lijae na kurudi, kila zamu inamgharimu saa sita na nusu. Kwa wiki anapata sh. 600 kwa saa 26.

Akiomba zamu moja ya Jumamosi ya saa nane, kwa malipo yaleyale ya sh. 100 kwa saa, atapata sh. 800. Akitoa nauli ya mchana ya sh. 200, anabaki na sh. 600 zilezile, lakini ametumia saa kumi tu, na hajasafiri usiku.

Zamu za jioni zina tatizo jingine. Vipindi vya maabara mara nyingi huendelea hadi saa kumi na moja, wakati ambao zamu inaanza. Mwanafunzi huanza kwa kutoka mapema siku moja, kisha mbili, na dalili ya kwanza huonekana kwenye daftari la mahudhurio, si kwenye alama. Ni vyema pia kutokubali zamu katika wiki mbili za kwanza za muhula, kwa sababu ratiba hubadilika sana wakati huo.

Kuhusu mitihani, mwajiri aambiwe siku ya kuajiri. Mwanafunzi ataje wiki za mitihani kwenye kalenda ya chuo, na apendekeze kufidia saa hizo wakati wa likizo, maduka yanapokuwa na wateja wengi. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu ambao mwajiri ameujibu. Kazi ikifikia jumla ya siku zinazolingana na miezi mitatu, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba uwe wa maandishi, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa.

Ratiba ya mwisho ya mitihani ikitoka, nakala yake ipelekwe kwa msimamizi wa zamu siku hiyohiyo, kabla hajapanga zamu za wiki inayofuata.