Tasnifu ya Maji ya Uvira Mezani kwa Mtahini wa Nje

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliolinganisha kumbukumbu za maji ya bomba mjini Uvira, Kongo, na idadi ya wagonjwa waliolazwa katika kituo cha kipindupindu, tangu 2009 hadi 2014. Ulionyesha kwamba baada ya siku nzima bila maji, wagonjwa wa siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya maradufu kuliko pale maji yalipokuwa ya kutosha. Tuseme sasa mwanafunzi ameandika tasnifu ya udaktari juu ya jambo hilohilo, na chuo kimekuomba uitahini.

Usianze kusoma kwenye ukurasa wa kwanza. Tafuta dai kuu katika hitimisho, kisha lifuate kinyumenyume hadi kwenye daftari la kituo. Hapo kuna swali ambalo wengi hulipita: mgonjwa aliyeandikwa alipimwa kwenye maabara, au alikuwa na kuhara tu akahesabiwa? Mwanafunzi akisema “wagonjwa wa kipindupindu” ilhali wengi walishukiwa tu, hitimisho limezidi ushahidi wake. Halafu jumlisha mwenyewe hesabu za jedwali moja au mawili. Jumla ikigoma, huenda kuna kurasa za daftari zilizopotea na hazikutajwa.

Kuna pia suala la mvua. Mvua kubwa huuchafua mto unaoulisha mtambo wa kusafisha maji, na mtambo ukasimama. Mvua hiyohiyo husomba uchafu wa vyoo hadi visimani na ziwani. Tasnifu isiyotenganisha mvua na kukatika kwa bomba haijathibitisha kwamba bomba ndilo chanzo, hata takwimu zake zikipendeza namna gani. Hilo mimi siliiti kosa dogo.

Ripoti ianze kwa aya moja ya kueleza, kwa maneno yako, tasnifu inadai nini na inaongeza nini kwenye elimu iliyopo. Ukishindwa kuiandika, rudi kasome tena. Kisha tenga mambo ambayo lazima yarekebishwe kabla ya shahada kutolewa na yale unayoshauri tu; yakichanganywa, mwanafunzi atahangaika na nukta na mikato huku suala la mvua likibaki palepale. “Boresha uchambuzi” si agizo, kwa kuwa hakuna ajuaye lini limetimizwa. Andika hivi: “Sura ya 4, jedwali la 2: ingiza mvua ya kila siku katika hesabu, onyesha matokeo kabla na baada, kisha rekebisha hitimisho yakibadilika.” Msimamizi, au promota tunavyomwita huku Kongo, ataweza kukagua bila kukuuliza.

Mwisho toa hukumu moja kwa maneno ya fomu ya chuo: imefaulu, marekebisho madogo, marekebisho makubwa, iandikwe upya, au imeshindwa. Ilingane na ripoti. Ukidai mvua iingizwe kwenye hesabu, usitie alama kwenye marekebisho madogo. Kisha itume kwa ofisi iliyokuteua, si kwa mwanafunzi.