Gharama za Kuanzisha Biashara: Tenganisha za Mara Moja na za Kila Mwezi Kabla ya Kuandika Mpango

Kabla ujaze ile sehemu ya fedha kwenye mpango wa biashara, chukua karatasi na uichore mstari katikati. Upande wa kushoto andika vitu utakavyolipia mara moja tu ili mlango ufunguke. Upande wa kulia andika vitu utakavyolipia tena na tena ili mlango ubaki wazi. Watu wengi huandika vyote kwenye orodha moja, wanajumlisha, na ile jumla ndiyo wanaiita mtaji. Hapo ndipo hesabu inaanza kudanganya.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: kibanda cha chipsi hapo Rongai, unachokiendesha mwenyewe na kibarua mmoja wa kumenya viazi asubuhi. Bei tulizoweka ni za mfano. Zako utaziuliza sokoni na kwa mafundi wa mtaa wako.

Upande wa kushoto: unalipa mara moja

- Dipoziti ya kibanda: KSh 8,000
- Mashine ya kukaangia ya gesi: KSh 18,000
- Kabati la kioo la kuweka chipsi moto: KSh 12,000
- Mtungi mtupu wa gesi wa kilo 13 na regyuleta: KSh 5,000
- Kaunta, rangi na bango: KSh 12,000
- Sufuria, visu, ndoo na mabeseni: KSh 5,000
- Fundi wa stima, waya na soketi: KSh 4,000

Jumla ni KSh 64,000.

Angalia vile tumeandika "mtungi mtupu". Dukani utauziwa mtungi na gesi pamoja, kwa risiti moja, lakini hizo ni gharama mbili tofauti. Mtungi unanunua leo na unabaki nao. Gesi iliyo ndani itaisha na utajaza tena, kwa hivyo inaenda kulia. Nyumba ni hivyo hivyo: siku ya kuingia unampa mwenye nyumba KSh 16,000, lakini 8,000 ni dipoziti na 8,000 ni kodi ya mwezi wa kwanza. Dipoziti iko kushoto, kodi iko kulia. Na dipoziti iwekee alama, kwa sababu ukihama bila deni au uharibifu unaidai. Kama kibanda kinaombewa gudwili, hiyo pia ni ya kushoto, lakini hairudi, kwa hivyo usiichanganye na dipoziti.

Ukikwama usijue kitu kiende wapi, jiulize swali moja: nikiendelea kuuza, hiki kitu nitakilipia tena ndani ya mwaka huu? Jibu likiwa ndiyo, kiende kulia.

Upande wa kulia: unalipa kila mara

Huu upande nao una sehemu mbili. Kuna gharama ambazo zinakuja uuze usiuze, na kuna zile zinazopanda na kushuka kulingana na sahani ulizouza.

Zinazokuja uuze usiuze, kwa mwezi:

- Kodi: KSh 8,000
- Kibarua wa kumenya, 300 kwa asubuhi, siku 26: KSh 7,800
- Stima na maji: KSh 2,000
- Leseni ya kaunti na vyeti vya afya: KSh 1,000
- Akiba ya kubadilisha mashine: KSh 1,000
- Malipo yako mwenyewe: KSh 15,000

Jumla ni KSh 34,800 kwa mwezi.

Mistari mitatu hapo ndiyo husahaulika sana. Leseni ya biashara ya kaunti hulipwa kwa mwaka, na cheti cha afya cha anayeshika chakula hufanywa upya kila miezi sita. Kwa sababu unalipa pesa nyingi kwa siku moja, inaonekana kama gharama ya mara moja, lakini itarudi. Tukichukua leseni ni 7,200 kwa mwaka, hiyo ni 600 kwa mwezi. Vyeti viwili vya 1,200 kila kimoja ni 2,400 kwa miezi sita, yaani 400 kwa mwezi. Ndiyo tukapata 1,000.

Mashine nayo haidumu milele. Mashine na kabati zimekugharimu KSh 30,000. Ukikadiria zitafanya kazi miaka miwili na nusu, basi kila mwezi tenga 1,000, ndiyo siku mashine ikizima usianze kutafuta wa kukukopesha.

Na malipo yako usiyaache nje. Usipojiwekea, utajilipa tu kwa kuchomoa kwenye droo kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi hutajua kama biashara inaleta faida au inakula viazi vyake.

Sasa gharama zinazofuata mauzo. Hizi ni rahisi kuzielewa ukizihesabu kwa sahani moja. Chukua gunia la viazi la kilo 50 kwa KSh 3,200. Ukitoa maganda, na maji yanayopotea kwenye mafuta ya moto, tuseme unapata sahani 80. Hiyo ni KSh 40 ya viazi kwa kila sahani. Ongeza mafuta 10, gesi 12, mfuko, tomato na chumvi 6, kisha usafiri na ada za malipo ya simu 2. Sahani moja inakugharimu KSh 70. Ukiuza kwa 100, inabaki 30.

Hiyo 30 bado si faida. Kazi yake ya kwanza ni kulipia zile KSh 34,800. Gawanya 34,800 kwa 30 na utapata sahani 1,160 kwa mwezi, au kama sahani 45 kwa siku ukifanya kazi siku 26. Chini ya 45 unaumia. Juu ya 45 ndiyo faida inaanza kuonekana.

Hii namba hungeipata kama mashine, dipoziti na bango zingekuwa kwenye orodha moja na viazi. Ungekuwa unajaribu kurudisha KSh 64,000 kwa mauzo ya mwezi wa kwanza, na kila biashara ingeonekana ya hasara. Ama ungefanya kinyume chake: unaona 30 kwa kila sahani, unaiita faida, unaitumia nyumbani, halafu tarehe tano mwenye nyumba anagonga.

Viazi vikiadimika ndiyo utaona faida ya kuwa na namba ya sahani moja. Gunia likipanda mpaka KSh 4,800, viazi vya sahani moja vinakuwa 60, gharama inafika 90, na inabaki 10 tu. Sasa unahitaji kuuza sahani 3,480 kwa mwezi, karibu 134 kwa siku, ili tu usiumie. Ukijua hivyo siku hiyo hiyo bei imepanda, unapunguza kipimo au unaongeza bei. Usipojua, utauza sana mwezi mzima na ushangae pesa ilienda wapi.

Basi unahitaji pesa ngapi kuanza?

Ukimuuliza mtu aliyeandika upande wa kushoto pekee, atasema 64,000. Akipata hizo pesa, kibanda kitafunguliwa kikiwa kinang'aa na hakuna cha kukaanga. Kuna pesa zingine tatu za kuongeza.

Ya kwanza ni stoki ya kufungulia: magunia mawili ya viazi, mafuta lita 20, gesi ya kujaza mtungi, mifuko na tomato. Tuseme KSh 16,000. Hii pesa huzunguka. Kila sahani ukiuza, 70 kati ya ile 100 inarudi kununua stoki nyingine, kwa hivyo usiiguse kwa matumizi mengine.

Ya pili ni leseni na vyeti, KSh 9,600, kwa sababu hata kama tumezigawa kwa miezi, utazilipa zote kabla ya kufungua.

Ya tatu ni pengo la miezi ya kwanza. Hakuna mtu anafungua leo na kuuza sahani 45 leo. Weka makadirio ya polepole: sahani 20 kwa siku mwezi wa kwanza, 30 wa pili, 40 wa tatu.

- Mwezi wa kwanza: sahani 520 zinaacha KSh 15,600. Pengo ni 19,200.
- Mwezi wa pili: sahani 780 zinaacha KSh 23,400. Pengo ni 11,400.
- Mwezi wa tatu: sahani 1,040 zinaacha KSh 31,200. Pengo ni 3,600.

Pengo lote ni KSh 34,200. Jumlisha 64,000, 16,000, 9,600 na 34,200, na mtaji wa kweli unakuwa KSh 123,800. Ni karibu mara mbili ya ile 64,000. Ndani yake kuna 3,000 ya leseni iliyohesabiwa mara mbili na 3,000 ya akiba ya mashine ambayo haitoki mara moja. Hizo 6,000 ziache ziwe za dharura.

Kama uko na 64,000 pekee, orodha yenyewe itakuonyesha pa kupunguza. Kabati la kioo linaweza kungoja. Mashine inaweza kuwa ya mtumba, ukishaijaribu ikiwa inawaka mbele yako. Viazi na mafuta ya kesho haviwezi kungoja.

Usinunue mashine kwa mkopo wa siku 30

Mikopo ya simu huwa rahisi kupata, lakini angalia upande gani wa karatasi unailipia. Mkopo wa siku chache unaweza kulipia stoki, kwa sababu stoki inauzwa na pesa inarudi ndani ya siku hizo. Mashine ya KSh 18,000 hairudi hivyo. Kwa 30 inayobaki kwa sahani, ni sahani 600, na hiyo ni kabla ya kulipa kodi. Mwezi wa kwanza umekadiria sahani 520 peke yake. Deni litaiva kabla ya mashine kuleta chochote, na utalilipa kwa pesa ya viazi. Vitu vya kushoto vilipiwe na akiba, chama, au mkopo wa kurudisha kwa miezi mingi.

Sasa rudi kwenye mpango

Upande wa kushoto, pamoja na zile pesa tatu, unaingia kwenye jedwali la mtaji wa kuanzia. Hapo ndipo unaonyesha pesa zako ni ngapi na unaomba ngapi. Upande wa kulia unaingia kwenye makadirio ya kila mwezi, na sahani zako 45 zinaandikwa chini yake, ndiyo anayekukopesha aone unajua mstari wako wa hasara uko wapi.

Ukishafungua, tumia laini moja kwa biashara pekee. Kila mwisho wa mwezi toa taarifa ya miamala ya laini hiyo, na kando ya kila malipo andika M kama ni ya mara moja au K kama ni ya kila mara. Jumla ya K ilinganishe na ulichokadiria. Zile M zikiendelea kujitokeza mwezi wa nne na wa tano, kuna kitu ulikiweka upande usio wake. Kihamishe, kisha hesabu sahani zako upya.