Themostati inasema 20, mbona nyumba bado baridi?

Mimi ni mtoto wa Kahe, ambako shida yetu ni jua, wala si baridi. Mtu wa Marangu anaweza kukusimulia habari za kuota moto jikoni. Sisi wa tambarare tunatafuta feni. Kwa hiyo nilipofika Glasgow, Uskoti, mwezi wa kwanza kwa masomo ya muhula mmoja, nikapewa chumba katika jengo la zamani la mawe, sikujua lolote kuhusu kupasha nyumba joto. Naandika haya kwa wenzangu wanaojiandaa kwenda huko, maana somo hili lilinilia hela.

Ukutani koridoni palikuwa na themostati ya ratiba. Kazi yake ni kupima joto la hewa na kuwasha au kuzima boila ya gesi. Boila huchemsha maji yanayozunguka kwenye rejeta za vyumbani. Unaipangia saa na nyuzijoto, na muda usiohitaji joto unaishusha ili kuokoa gesi. Nilipanga hivi:

```
06:30  20
08:30  16
17:00  20
22:30  16
```

Yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi naamka kwenye nyuzi 20, saa mbili na nusu naenda darasani. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Asubuhi ya kwanza nikaamka natetemeka. Nikaibonyeza mpaka 28, nikaenda zangu darasani nimeisahau. Mita ya gesi ilikuwa ya kulipia kabla, kama LUKU yetu, na jioni nikakuta salio limekwisha.

Mwenzangu wa nyumba, kaka mmoja wa Mwanza aliyesomea majengo, akacheka. "Mdogo wangu, 28 haiongezi kasi. Boila yako inawaka vilevile, ila haizimi mpaka ifike 28. Kesho usiguse kitu, andika tu namba."

Nikaandika. Saa 06:30 ilisoma 16, na saa 08:30 ikasoma 19. Nyuzi tatu kwa saa mbili, sawa na nyuzi moja na nusu kwa saa. Hapo ndipo kosa likaonekana: kutoka 16 hadi 20 ni nyuzi nne, zinazohitaji saa mbili na dakika 40, na ratiba yangu ilikuwa inashusha joto kabla halijafika. Muda niliouandika ni wa boila kuanza kazi, si wa nyumba kuwa tayari. Zipo themostati zinazojifunza kasi ya nyumba na kuwasha mapema zenyewe. Yangu haikuwa hivyo.

Tukapanga usiku iwe 18 badala ya 16, na boila ianze 05:10. Nyuzi mbili kwa kasi ile ni saa moja na dakika 20, kwa hiyo 06:30 ilikuta 20. Kushusha kidogo bado kunaokoa, kwa sababu nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti ya ndani na nje. Nje ikiwa 0, nyumba iliyotulia kwenye 18 hupoteza sehemu moja ya kumi pungufu kuliko ya 20.

Basi, namba ikawa 20 kweli. Lakini nikikaa mezani kusoma, mgongo baridi! Nikaweka kipimajoto mezani nusu saa: 20, sawa na koridoni. Kingesoma 17, tungejua hewa ya moto haifiki chumbani, tukague rejeta. Kaka akakibandika kwenye ukuta wa nje, kikafunikwa kitambaa. Kikasoma 14.

Mwili hausikii hewa peke yake. Unatoa joto kuelekea kila kitu baridi kinachouzunguka, na unachohisi ni karibu wastani wa hewa na kuta. Hewa 20 na kuta 14 ni kama kukaa kwenye 17. Hili tunalijua Kahe, ila kwa upande wa pili: mwezi wa pili, saa tatu usiku, nje kumepoa, lakini ndani ya nyumba ya tofali unatoka jasho kwa sababu ukuta unaachia joto la mchana.

Meza yangu ilikuwa pembeni, kati ya kuta mbili za nje na dirisha. Nikaihamishia kwenye ukuta wa ndani, nikaweka pazia zito ninalolifunga giza likiingia, ila lisifunike rejeta. Namba ikabaki 20, baridi ya mgongoni ikaisha.

Kwa hiyo ukifika, siku ya kwanza andika kasi ya nyumba yako ndipo upange ratiba. Ukiona namba imefika na bado unatetemeka, pima ukuta kabla hujagusa themostati.