Dondoo muhimu: Pima hali ya moyo kila usiku

- Namba moja. Ipe siku namba kati ya 1 na 10, uiandike daftarini saa ileile, mfano saa 3 usiku. 1 ni siku mbaya sana, 5 ya kawaida, 10 njema sana. Usibadili vipimo hivyo katikati ya mwezi, wala usirudi kusahihisha namba ya jana.

- Neno moja. Taja hisia au chanzo chake: "uchovu", "deni", "wageni".

- Soma mwezi kwa wiki. Tafuta wastani wa kila wiki. Ukipata 6, 5, 6, 5, mwezi ulikuwa mtulivu, hata kama ndani yake kuna siku yenye namba 2 na neno "msiba". Ukipata 6, 5, 4, 3, huo ni mteremko. Angalia maneno ya siku za chini. "Kukesha" likijirudia, anza kurekebisha usingizi.

- Wakati wa kutafuta msaada. Namba zikibaki chini karibu kila siku kwa wiki 2, nenda na daftari lako kwa mhudumu wa afya. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hesabu yoyote: mwambie mtu unayemwamini na utafute msaada siku hiyohiyo.