Mjane Asifukuzwe Nyumbani: Somo la Mirathi kwa Wenye Nyumba Nairobi



Wengi wenu mlio katika skimu za makao mna ndugu au mtoto aliyekwenda Nairobi kufanya kazi, akapata nyumba huko Eastlands: Umoja, Buruburu, Kayole, Dandora, Jericho au Kaloleni. Siku akifariki, maiti huletwa shambani kuzikwa. Na baada ya mazishi, huenda wewe mwenyewe ukaambiwa upande gari kwenda Nairobi pamoja na ndugu wengine, mkachukue nyumba na vyombo, naye mjane arudi kwao. Kabla hujapanda gari hilo, soma habari hizi. Na wewe mama unayesoma, zisome mara mbili.

Tuchukue mfano. Fundi mmoja alinunua nyumba Umoja, na hati ya nyumba ikaandikwa jina lake peke yake. Alikufa bila kuandika wosia. Ameacha mke mmoja na watoto watatu. Wa kwanza ana miaka 19, wengine bado wanasoma. Alizikwa shambani kwa baba yake huko Nyandarua. Siku ya tisa baada ya mazishi, shemeji wawili wakabisha mlango Umoja na gari la mizigo. Wakasema: "Sisi ndio tuliomzika. Nyumba ni ya ukoo. Tupe hati na ufunguo."

Kuzika si kurithi

Neno lao la kwanza lina kosa, na kosa hilo ni la zamani. Watu wengi hukumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake na ukoo wa Umira Kager walishtakiana juu ya mahali pa kumzika, na mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya. Tangu hapo wengine hudhani kwamba ukoo ukishinda maiti umeshinda na mali. Sivyo. Kesi ile ilihusu maiti. Mali ya marehemu ina sheria yake, nayo ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981.

Sheria hiyo inasema hivi kwa mtu aliyekufa bila wosia, akaacha mke na watoto. Vyombo vya nyumbani ni vya mjane kabisa: vitanda, viti, sufuria, redio, nguo, hata chakula kilicho ghalani. Hakuna shemeji awezaye kupakia hata kijiko. Lakini gari na vifaa vya kazi vya marehemu havimo katika hesabu hii. Hivyo ni sehemu ya mirathi pamoja na nyumba.

Mali iliyobaki, yaani nyumba, mjane ana haki ya kuikalia na kula faida yake maisha yake yote. Akipangisha chumba, kodi ni yake ya kujitunza yeye na watoto. Lakini hawezi kuiuza nyumba atakavyo. Kuuza nyumba au shamba kwataka idhini ya mahakama. Mwisho wake, nyumba ni ya watoto wote sawasawa, wa kiume na wa kike. Hata mjane asiye na mtoto ana haki ya kukaa maisha yake yote.

Je, ndugu wa marehemu wako wapi? Sheria imewapanga kwa zamu. Ikiwa hakuna mke wala mtoto, hurithi wazazi wa marehemu. Kama hawapo, ndipo kaka na dada. Maadamu mjane yupo na watoto wapo, zamu ya shemeji haijafika. Lakini mzazi au ndugu aliyekuwa akitunzwa na marehemu kwa kweli, kama mama mzee aliyeletewa fedha kila mwezi, aweza kuiomba mahakama apewe fungu la kumtunza. Huo ndio mlango wake wa halali, wala si mlango wa Umoja kwa nguvu.

Kabla ya cheti, hakuna mwenye mamlaka

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtu akifa, mali yake haimwangukii yeyote mara moja. Ni lazima mahakama itoe cheti cha usimamizi wa mirathi. Kabla ya cheti hicho, yeyote anayechukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu atenda kosa la jinai kwa kifungu cha 45. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tena atadaiwa alichokichukua.

Kwa hiyo yule mama wa Umoja alifanya vyema kutotoka nyumbani. Alifunga hati ya nyumba kwa jirani aliyemwamini, akaenda kituo cha polisi kuandikisha habari katika Kitabu cha Matukio, akapewa nambari yake. Nambari hiyo ni ushahidi. Na shemeji wakirudi kwa vitisho, iko Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hiyo imetaja wazi kwamba uchokozi wa wakwe, na kumlazimisha mjane arithiwe, ni ukatili. Hakimu aweza kutoa amri ya kuwazuia wasikaribie nyumba.

Anayewahi mahakamani

Lakini kukaa tu hakutoshi. Wajane wengi hawapotezi nyumba kwa kufukuzwa na fimbo. Huipoteza kwa karatasi. Shemeji huenda kwa chifu wa shambani, akapata barua inayosema marehemu hakuwa na mke, kisha hufungua mirathi katika mahakama ya mbali. Au huja wakati wa matanga na karatasi, wakisema ni za fedha za hospitali, mama akatia sahihi huku analia. Kumbe ni fomu ya kukubali wao wawe wasimamizi. Mama, usitie sahihi karatasi yoyote kabla ya kusomewa na mtu asiye wa upande wao.

Dawa yake ni kutangulia. Mjane ndiye wa kwanza katika orodha ya wanaofaa kupewa cheti, na afanye hivi:

Kwanza, achukue kibali cha mazishi akaombe cheti cha kifo. Pili, aende kwa chifu wa mahali marehemu alipokuwa akiishi, yaani huko huko Eastlands, apewe barua yenye majina ya mjane na watoto wote. Asimfiche mtoto yeyote, hata wa nje, maana kuficha mrithi kwaweza kukifuta cheti baadaye. Tatu, apeleke maombi mahakamani. Mahakama Kuu ina Idara ya Familia Milimani, na mali isiyo ya thamani kubwa mno yaweza kusikilizwa na hakimu.

Hapa wengi hukwama. Pakiwa na watoto wadogo au haki ya kukaa maisha, mahakama haitoi cheti kwa mtu mmoja peke yake. Wasimamizi wasipungue wawili. Mama wa Umoja alimwandika mtoto wake wa miaka 19 kuwa wa pili. Asiye na mtoto mkubwa atafute mtu mwaminifu, wala asidhani ni lazima awe shemeji.

Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku zisizopungua 30. Kisha cheti hutoka. Lakini bado, miezi sita baadaye ndipo mahakama hukithibitisha na kueleza nani apata nini. Ndipo hati ya nyumba iandikwe upya. Basi hesabu miezi saba au minane ikiwa hakuna ugomvi, na mingi zaidi ikiwa upo.

Na kama shemeji wametangulia? Si mwisho. Ndani ya zile siku 30 mjane aweza kuweka pingamizi. Hata cheti kikiisha kutolewa, mahakama yaweza kukifuta kwa kifungu cha 76 ikiwa kilipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo kubwa, na kumficha mjane ni jambo kubwa. Wakati huo huo, aweke kizuizi katika rejista ya ardhi ili nyumba isiuzwe kabla ya hukumu.

Si nyumba zote ni sawa

Tazama hati kwanza. Kama majina ya mume na mke yameandikwa pamoja kama wamiliki wasiogawanya, nyumba humwangukia aliye hai. Mjane hupeleka cheti cha kifo kwenye rejista.

Kama ni nyumba ya kupanga ya Kaunti, mfano wa zile za Kaloleni au Jericho, si mali ya marehemu. Shemeji hawezi kuirithi, wala mjane. Kazi ya mjane ni kulipa kodi bila kukosa siku, kutunza risiti, na kwenda ofisi ya mtaa na cheti cha kifo kuomba jina libadilishwe.

Kama ploti ni ya baba mkwe aliye hai, naye mume alikaa tu chumba kimoja, hapo haki ya mjane ni dhaifu, kwa kuwa nyumba haikuwa ya mumewe. Atafute shauri la wakili mapema.

Kwa Waislamu, kama wengi wa Pumwani, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu mbele ya Kadhi: mjane hupata thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Na marehemu akiwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kwa hesabu ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi katika nyumba yake.

Cheti cha ndoa

Swali la kwanza la shemeji mahakamani litakuwa: "Huyu aliolewa lini?" Waliooana kwa mila huweza kuleta mashahidi wa mahari na vyeti vya watoto. Walioishi pamoja tu wamo hatarini, kwa maana mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kudhania ndoa kwa sababu watu waliishi pamoja ni jambo la nadra, si kanuni. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za mila ziandikishwe pia. Fanyeni hivyo nyote wawili mngali hai.

Maswali ya kujipima

1. Shemeji akisema "tulimzika," je, amepata haki ya nyumba?
2. Kwa nini mama wa Umoja hakuweza kuomba cheti peke yake?
3. Gari la marehemu ni la nani kabla mahakama haijasema?
4. Ikiwa wewe ndiwe kaka wa marehemu, nawe una mama mzee aliyetunzwa naye, utapita mlango gani?