Maji ya Kunywa Shambani: Jinsi ya Kuweka Klorini kwa Kipimo na Kujua Kama Imefanya Kazi

Leo tunaacha kidogo mambo ya mbegu na viuatilifu, tunazungumzia simtanki lile ambalo vibarua wako wanakinga maji ya kunywa. Somo hili nimelipanga pia kwa wanafunzi wa afya ya mazingira wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya vitendo, kwa sababu hesabu ni zilezile, uwe na tanki la shamba au la shule.

Ukiajiri vibarua 30 msimu wa mavuno na nusu yao wakaharisha wiki moja, nyanya zinaiva na kuoza zikiwa mtini. Na siku hizi mnunuzi mkubwa akija anataka kuona cheti cha maji, maana maji hayohayo yananawisha mikono inayofungasha mboga zake.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Bwana shamba, niweke klorini kiasi gani?" Jibu langu huwa moja: sijui mpaka tupime maji yako. Nitaeleza kwa nini.

Klorini inaliwa kabla haijaua

Ukimimina klorini kwenye maji, haiendi moja kwa moja kwa vijidudu. Kwanza inaungana na kila kitu kinachopokea: tope, majani yaliyooza, madini ya chuma, na mkojo au samadi iliyopenya kisimani. Kiasi hiki kinachopotea njiani ndicho tunaita mahitaji ya klorini ya maji. Kinachobaki baada ya hapo ndicho klorini huru, na hiyo ndiyo inayolinda maji.

Ndiyo maana dozi iliyofaa kwa jirani yako inaweza isikufae wewe. Hata kisima chako mwenyewe kinabadilika: Januari maji safi, Aprili mvua zimenyesha, mahitaji yamepanda.

Tunachokitafuta ni klorini huru ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya kusubiri dakika 30, na isiyopungua 0.2 pale kibarua anapokinga kikombe chake. Hivyo ni viwango vinavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kikomo cha juu ni miligramu 5 kwa lita, ila watu wengi wataanza kulalamikia ladha mapema kabla hujafika huko.

Tope kwanza, klorini baadaye

Kijidudu kilichojificha ndani ya chembe ya tope klorini haikifikii. Kwa hiyo maji ya mto au ya lambo lazima yatulizwe kwanza. Kipimo cha tope kinasomwa kwa NTU, na kuna mrija mrefu wa plastiki wenye alama nyeusi chini: unajaza maji taratibu mpaka alama isionekane, unasoma namba pembeni. Tunataka chini ya 5, na ikifika chini ya 1 ni bora zaidi.

Kama yana tope, tumia shabu. Yeyusha gramu 10 kwenye lita moja ya maji safi. Kila mililita moja ya mchanganyiko huo ukiiweka kwenye lita moja ya maji yako, umeweka miligramu 10. Jaribu kwenye ndoo kadhaa kwa dozi tofauti, koroga haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika kumi au zaidi, halafu acha. Ndoo ambayo mabonge yametua vizuri kwa dozi ndogo kuliko zote ndiyo unayoifuata. Maji ya juu yachote bila kuvuruga mashapo, yapitishe kwenye chujio la mchanga kama unalo, ndipo uende kwenye klorini.

Mfano: simtanki la lita 5,000

Chukua shamba moja la nyanya na hoho lenye kisima kifupi. Maji yanapandishwa kwenye simtanki la lita 5,000, yanashuka kwa bomba hadi banda la kufungashia. Tope liko chini ya 5, kwa hiyo shabu haihitajiki. Tulifanya hivi.

Hatua ya kwanza, tulitengeneza mchanganyiko mama wa asilimia 1. Unga wa klorini tuliokuwa nao ulikuwa wa asilimia 70. Tunataka gramu 10 za klorini halisi kwenye lita moja, kwa hiyo 10 gawanya kwa 0.7, unapata gramu 14 na kidogo, tukapima 15. Maji yanatangulia kwenye chombo, unga unafuata, wala usigeuze. Fanyia kazi hiyo nje, vaa glavu na miwani.

Hatua ya pili, ndoo nne za lita 20, zote maji ya kisima kilekile. Kwa bomba la sindano tuliweka mililita 2 ndoo ya kwanza, 3 ya pili, 4 ya tatu na 5 ya nne. Hiyo ni sawa na miligramu 1, 1.5, 2 na 2.5 za klorini kwa lita. Tukakoroga, tukafunika, tukasubiri dakika 30 kwa saa, siyo kwa kukadiria.

Hatua ya tatu, tulipima klorini huru kila ndoo. Ya kwanza ilisoma 0, ya pili 0.1, ya tatu 0.5, ya nne 0.9. Unaona hapo? Maji yale yalikula karibu miligramu 1.5 kwa kila lita kabla hayajabakiza chochote cha maana. Tulichagua ndoo ya tatu.

Hatua ya nne ni hesabu ya kuzidisha tu. Lita 5,000 gawanya kwa 20 ni 250. Mara mililita 4, unapata mililita 1,000. Yaani lita moja kamili ya mchanganyiko mama kwa tanki zima. Anayetumia jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato atahitaji karibu mililita 290 kupata klorini ileile, mradi chupa haijakaa juani. Jiki ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Mimina tanki likiwa linajazwa ili maji yenyewe yachanganye.

Kupima klorini bila kudanganywa

Kipimo cha shambani ni vidonge vya DPD namba 1. Unatia kidonge kwenye maji, yanageuka waridi, unalinganisha na rangi kwenye kisanduku. Soma haraka, maana ukichelewa rangi inaendelea kukolea. Kuna mambo mawili yanawachanganya watu.

La kwanza, klorini ikizidi sana, rangi ya waridi inafutika na maji yanaonekana meupe kama hayana kitu. Mtu anaongeza klorini tena! Ukiona rangi imewaka sekunde moja kisha imepotea, changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima upya, kisha zidisha jibu kwa 10.

La pili, harufu kali siyo ushahidi wa ulinzi. Kisima kikiwa karibu na zizi, amonia ya samadi inaikamata klorini. Inakuwa klorini iliyofungwa, ambayo inanuka lakini inaua polepole sana. Vifaa vya bei rahisi vinavyotoa rangi ya njano vinahesabu zote mbili pamoja, hivyo vitakuambia uko salama wakati hauko. Nunua vya DPD.

Pima pia pH. Ikipita 8 klorini inalegea, na dakika 30 hazitoshi. Ongeza muda wa kusubiri.

Tanki safi, bomba chafu

Kwenye shamba lile, tanki lilisoma 0.5. Tulipokwenda bomba la banda la kufungashia, tukapata 0. Shida iko wapi? Tulianza kupima kila kiungio tukishuka. Mpaka nusu ya njia 0.4, kisha ikaporomoka. Kipande cha mwisho kilikuwa bomba la zamani, ndani lina utelezi wa vijidudu, na huo ndio ulikuwa unakula klorini yote.

Dawa ni kuloweka. Bomba lilijazwa maji yenye klorini miligramu 50 kwa lita, likafungwa usiku kucha na karatasi ya "USINYWE" kwenye kila koki, asubuhi likamwagwa na kusuuzwa mpaka kipimo kikarudi kawaida. Maji hayo ya kuloweka usiyaelekeze kitaluni wala kwenye bwawa la samaki. Baada ya hapo bomba la mwisho lilisoma 0.3.

Sampuli ya maabara

Klorini unaipima kila siku, ila maabara ndiyo inayothibitisha. Wanatafuta bakteria wa kinyesi, E. coli, na kiwango ni kwamba asionekane hata mmoja kwenye mililita 100. Maji yanapitishwa kwenye kichujio chenye matundu madogo, kichujio kinawekwa kwenye chakula cha bakteria na joto la nyuzi 44, kisho chake vidoa vinahesabiwa baada ya siku moja hivi.

Majibu yanaharibika zaidi wakati wa kuchukua sampuli. Omba chupa ya maabara yenye dawa ya kuzima klorini, thiosalfeti, na usiisuuze. Bila dawa hiyo, klorini inaendelea kuua ndani ya chupa njia nzima, na utapewa majibu mazuri kuliko maji yako yalivyo. Futa koki kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika moja au mbili, jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, weka kwenye boksi lenye barafu. Ifike maabara ndani ya saa 6. Ikipita 24, usiipeleke, chukua nyingine. Andika kwenye karatasi kiwango cha klorini ulichopima dakika ileile.

Na cheti kikitoka safi, kinaeleza maji ya siku ile tu. Mvua ikinyesha usiku, rudi kwenye ndoo zako nne.

Klorini haiondoi hivi

Floridi, chumvi, nitrati ya mbolea na mabaki ya viuatilifu havitoki kwa klorini. Walioko kuzunguka Mlima Meru mnajua meno yanavyobadilika rangi: hiyo ni floridi, na kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Nitrati isizidi 50, hasa panapokuwa na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa. Hivi vipimwe maabara kabla hujachimba miundombinu ya gharama.

Mwisho, unga wa klorini usiuweke stoo moja na dizeli, mbolea au viuatilifu. Ukikutana na mafuta unaweza kuwaka moto wenyewe. Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pahali pakavu penye hewa, na uandike tarehe uliyoufungua.